Benchi na Mti kwenye Picha ya Mradi: Jinsi Vinavyoongezwa

Katika vikao vya kutoa maoni kuhusu miradi ya wadi, wananchi huweza kuonyeshwa picha ya mahali wanapopajua vyema, ila ndani yake mna benchi au mti ambao haupo. Mkazi naye anaweza kuandaa picha kama hiyo ili kueleza pendekezo lake. Makala haya yanaonyesha jinsi inavyotengenezwa, na jinsi ya kuikagua unapoonyeshwa.

Tuseme kikundi cha wakazi kinapendekeza benchi na mwarobaini mbele ya zahanati, mahali ambapo wagonjwa husubiri juani. Wamepiga picha kwa simu saa tisa alasiri. Jua liko kushoto, na vivuli vinaangukia kulia. Wanatumia Stable Diffusion, programu ya kutengeneza picha isiyolipiwa, kwenye kompyuta yenye kadi nzuri ya picha. Katika ukurasa wa AUTOMATIC1111, wanafungua `img2img`, kisha `Inpaint`, na kuweka picha yao hapo.

Hatua ya kwanza ni kupaka kwa brashi. Programu hubadilisha sehemu iliyopakwa pekee. Wengi hupaka umbo la benchi tu, halafu hushangaa benchi linapoonekana kama linaelea. Sababu ni kwamba kivuli chake hakikupewa nafasi. Paka benchi pamoja na ardhi iliyo chini yake na upande wa kulia, kivuli kinakoangukia. Usiguse kibao cha zahanati, kwa kuwa maandishi yaliyopakwa huchorwa upya na aghalabu hutoka hayasomeki. Kisha andika unachotaka. Kiingereza hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa programu ilifunzwa kwa picha nyingi zenye maelezo ya lugha hiyo:

```
wooden bench on dry soil, afternoon sun
```

Hatua ya pili, inayowasumbua wengi, ni kuchagua nguvu ya mabadiliko, inayoitwa `Denoising strength`. Huanzia 0 hadi 1. Programu hufunika sehemu iliyopakwa kwa chembechembe, mithili ya vumbi, kisha huzisafisha kidogo kidogo ikifuata maneno yako. Namba hiyo ndiyo kiasi cha vumbi. Ukiweka 0.3, udongo bado unaonekana kupitia vumbi, kwa hivyo programu inarudisha udongo uleule. Benchi halitokei, ila rangi hubadilika kidogo. Ukiweka 1, hakuna kinachobaki cha udongo wa awali. Benchi litatokea, lakini ardhi iliyolizunguka huenda isifanane na uwanja wenu.

Kwa mahali patupu, anza na 0.8. Benchi lisipotokea, ongeza 0.05 kila mara. Unapolinganisha, usiache `Seed` ikiwa -1, kwani kila jaribio litaanza na vumbi jipya na hutajua kama tofauti imeletwa na namba yako au na bahati tu. Chagua namba moja na uiache hapo.

Benchi likishatokea, rudisha picha hiyo ndani, paka benchi na kingo zake, kisha shusha nguvu hadi 0.4. Sasa umbo linabaki, huku mwanga na rangi vikishikana na uwanja. Ukipita 0.6, huenda ukapata benchi tofauti kabisa.

Mti ufanyiwe baadaye, peke yake. Paka shina jembamba na matawi mapana, pamoja na kivuli chake ardhini. Futa maneno ya benchi kwanza, la sivyo huenda programu ikaweka benchi la pili chini ya mti.

Mwisho, kagua mambo mawili. Je, vivuli vyote vinaangukia upande mmoja? Na je, ukubwa ni wa kweli? Programu haipimi mita. Mlango wa kawaida una urefu wa takriban mita 2, na kikalio cha benchi huwa karibu sentimita 45 kutoka chini. Kwa hivyo benchi lililo karibu na mlango halifai kuwa na kikalio kinachofika nusu ya mlango huo.

Kuna jambo ambalo brashi haiwezi kulionyesha, nalo ni muda. Mwarobaini ulio kwenye picha tayari una kivuli, lakini mche utakaopandwa utahitaji miaka kadhaa kufikia hapo. Kwa sababu hiyo, picha ya namna hii iandikwe wazi “Picha ya kubuni, mradi haujatekelezwa”, na iwekwe kando ya picha halisi ya uwanja. Ukionyeshwa ya kwanza bila ya pili, omba kuiona ya pili kabla ya kutoa maoni yako.