Kichwa cha Habari Kinapogeuka Anwani

Mhariri wa michezo anaandika: “Simba–ASEC: Wang’ang’ania, sare tena na tena Côte d’Ivoire!” Msomaji anaelewa mara moja. Kompyuta inayotakiwa kukigeuza kichwa hicho kuwa mkia wa anwani ya mtandaoni ina kazi: mkia huo ni herufi ndogo, tarakimu na vistari tu, na habari mbili haziruhusiwi kuwa na mkia mmoja.

Kazi huanzia kwenye ô. Herufi hiyo huhifadhiwa kwa namna mbili, ama kama alama moja, U+00F4, ama kama o ya kawaida ikifuatiwa na kofia yake, U+0302. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti. Ndiyo maana huanza kwa kuitenganisha kofia na herufi, kisha kutupa kila kisichokuwa cha alfabeti ya kawaida. Kwa Python:

```python
t = unicodedata.normalize("NFKD", t)
t = t.encode("ascii", "ignore").decode()
```

Hapo Côte huwa Cote. Lakini mstari wa pili hautupi kofia peke yake. Kistari kirefu kati ya Simba na ASEC nacho huondoka, na timu mbili zinaungana kuwa “simbaasec”. Kwa hiyo vistari virefu hubadilishwa kuwa vifupi kabla ya yote. Herufi kama Ø na ß hazitenganiki, nazo zitapotea zisipopewa mbadala mapema: Straße hubaki “strae”.

Kibainishi cha ng’ kinahitaji uamuzi. Kikigeuzwa kistari, tunapata wang-ang-ania, neno lililokatwa vipande. Afadhali kukifuta, kiwe kimenyooka au kimepinda, na alama nyingine zigeuzwe vistari:

```
simba-asec-wangangania-sare-tena-na-tena-cote-divoire
```

Baadhi ya programu hufuta maneno yanayojirudia ili kufupisha. Hapa tungebaki na “sare-tena-na-cote-divoire”, kana kwamba Simba imetoka sare na nchi nzima. Marudio yaachwe; urefu upunguzwe kwa kukata mwishoni. Mkia wetu una herufi 53, na nafasi ya mkia katika Django, isipobadilishwa, ni 50. Ukikatwa hapo unaishia “divo”, hivyo hurudishwa hadi kistari kilichotangulia, uishie “cote”.

Msimu ujao kichwa kilekile kinaandikwa tena. Kawaida huongezwa namba: -2, kisha -3. Namba iongezwe baada ya kukata. Ikitangulia, kisu kinaiondoa, mkia unabaki uleule, na programu inajaribu namba bila kikomo.

Kuuliza kwanza kama mkia umeshatumika hakutoshi. Wahariri wawili wakibofya kwa wakati mmoja, wote wataambiwa haujatumika. Kinachozuia mgongano ni sharti la `UNIQUE` ndani ya hifadhidata: wa pili anakataliwa, na programu inajaribu namba inayofuata.

Habari ikishachapishwa, mkia hauguswi hata kichwa kikirekebishwa. Ukilazimika kubadilika, anwani ya zamani huelekezwa kwenye mpya kwa jibu la 301, ili waliokwisha kuisambaza kwenye WhatsApp wasiambulie ukurasa usiopatikana.