Oda imefutwa au imeahirishwa? Kaneno kadogo cha Kiingereza kinachoponza mzigo

Mfanyabiashara wa maharage wa Bukoba anapokea ujumbe kutoka kwa mnunuzi wake wa Uganda: “The boss called off the order.” Anajua kwamba “call” ni kupiga simu, basi anasubiri simu ya bosi huku vibarua wakiendelea kupakia magunia ya kuvuka Mutukula. Kumbe ujumbe ulisema oda imefutwa.

“Call” alilijua vizuri. Kilichomponza ni “off”. Kiswahili hugeuza maana kwa kubadili mwisho wa kitenzi: funga, fungua, fungia. Kiingereza mara nyingi huacha kitenzi kilivyo, kikaongeza neno dogo nyuma yake, na maana ikahama kabisa. “Give” ni kutoa, “up” ni juu, lakini “give up” ni kuacha kitu au kukata tamaa.

Zoezi la kuoanisha hufundisha jambo hili haraka. Kushoto andika “call off”, “put off”, “turn down”, “look into”, “run out of” na “give up”. Kulia changanya maana: kuishiwa, kuahirisha, kuchunguza, kufuta, kuacha, kukataa. Ongeza na ya saba isiyo na mwenzake, kupunguza bei, ili jozi ya mwisho isipatikane kwa kubahatisha. Anayebahatisha ataipachika kwenye “turn down”, kwa kuwa “down” ni chini. Lakini mnunuzi akisema “I turned down your price”, ameikataa bei yako.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokwama wakianza kujibu. Hatua ya pili ni kuweka “it” mahali pa jina la kitu. Unaweza kusema “call off the order” au “call the order off”, yote ni sawa. Ukitumia “it”, lazima ikae katikati: “call it off”, wala si “call off it”. “Put off”, “turn down” na “give up” hufuata njia hiyohiyo.

“Look into” na “run out of” havitenganishwi. Mteja akilalamika kuhusu gunia pungufu, jibu ni “We will look into it”. “Look it into” si Kiingereza.

Kiswahili husaidia nusu tu. Katika “ameiahirisha”, ile “i” ya oda imo ndani ya kitenzi, kama “it” ndani ya “put it off”. Lakini “ameichunguza” nayo ina “i” ndani, ilhali “look into” haipasuki. Kwa hiyo kila kitenzi kiandikwe daftarini pamoja na “it” yake, mahali inapokaa.

Mama wa maharage naye, kabla ya kusimamisha lori, angeweza kuuliza kwa mstari mmoja: “Did he call it off or put it off?” Akijibiwa “put it off”, magunia yanarudi ghalani kungoja tarehe mpya. Akijibiwa “called it off”, anatafuta mnunuzi mwingine siku hiyohiyo.