Aya ya Pili ya Barua ya Kazi

Barua nyingi za kuomba kazi hufanana hadi mwisho wa aya ya kwanza. Anwani ya mwombaji juu kulia, ya mwajiri chini yake kushoto, kisha "YAH: MAOMBI YA KAZI", halafu "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Hapo hakuna ubaya, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na msomaji anautarajia utaratibu huo. Kasoro huanza mwombaji anapojieleza: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma." Sentensi hiyo imo pia katika barua iliyo chini yake kwenye rundo, na katika iliyo chini ya hiyo.

Mahali hapo panafaa kisa kimoja kifupi: palikuwa na tatizo gani, wewe ulifanya nini, ikawaje.

Tuchukue mfano wa kijana aliyekuwa karani kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Sasa anaomba kazi ya kusimamia mapokezi kiwandani, na tangazo linataka mtu "mwenye uwezo wa kulinda ubora wa maziwa". Maneno hayo ndiyo yanayomchagulia kisa. Anavyo vingine, kama vile siku aliyosuluhisha ugomvi wa malipo, na hicho pengine ndicho anachojivunia zaidi. Akiweke kando.

Mara ya kwanza aliandika hivi: "Kituo kilikuwa na changamoto ya ubora. Hatua mbalimbali zilichukuliwa na hali ikaboreshwa."

Changamoto gani? Zilichukuliwa na nani? Kiswahili kinamruhusu mtendaji ajifiche nyuma ya kitenzi, nasi tuliolelewa tusijisifu tunaipenda sana ruhusa hiyo. Wengine hukimbilia "tulifanya", lakini anayesoma barua haajiri kituo kizima; anataka kujua mkono wako uligusa wapi.

Ukimkalisha chini na kumuuliza maswali, aya inakuja hivi:

"Nilipokuwa karani wa mapokezi, kiwanda kilituzuilia maziwa yaliyoanza kuchacha mara 7 ndani ya wiki 4. Nilianza kupima kwa alkoholi maziwa ya kila mfugaji kabla hayajamiminwa kwenye tangi, badala ya kusubiri kupima tangi zima. Nikaona kwamba mengi yaliyoganda yalitoka kwenye madumu ya plastiki yenye shingo nyembamba, ambayo mkono hauingii kuyasugua. Kwa idhini ya meneja nikaacha kuyapokea madumu hayo, na ushirika ukawakopesha wafugaji 14 vyombo vya alumini vyenye mdomo mpana. Wiki 4 zilizofuata tulizuiliwa mara 1."

Sentensi tano tu. Tatizo limepewa moja na matokeo moja. Katikati ndiko kulikoachiwa nafasi, kwa sababu huko ndiko akili ya mtu inakoonekana. Waombaji wengi hugeuza: mistari sita juu ya ubovu wa kituo na bosi wake wa zamani, kisha "nikatatua". Msomaji anaondoka akiyajua matatizo ya kituo kuliko anavyomjua mwombaji. Isitoshe, anajiuliza kesho yeye atasemwaje.

Ile shingo ya dumu ndiyo inayomfanya msomaji aamini. Mtu ambaye hakuwapo angeandika "vyombo visivyo safi". Na angalia "kwa idhini ya meneja" na "ushirika ukawakopesha": karani hana mamlaka ya kukopesha vyombo, na angejipa sifa hiyo, mwenye kiwanda anayezijua kazi za vituo angeshtuka hapo hapo.

Tarakimu nazo zina mtego. Mwanzoni kijana alilinganisha Februari na Juni, na tofauti ilikuwa kubwa na ya kupendeza. Lakini maziwa huchacha haraka kwenye joto kuliko kwenye baridi. Mtu wa maziwa angeuliza kama kilichookoa hali ni karani au ni Juni. Ndiyo maana akachukua wiki 4 kabla na wiki 4 mara baada, ambazo hali yake ya hewa haikupishana sana, akahesabu kutoka kwenye kitabu cha mapokezi. Tofauti ilipungua kidogo, ila inasimama. Kama hakuna kitabu, ni heri kuandika "yalipungua hadi dereva akaacha kulalamika" kuliko kubuni asilimia.

Kwenye usaili swali la kwanza huenda likawa: maziwa uliyoyakataa yalikwenda wapi? Siku za mwanzo wafugaji watatu walirudi nayo nyumbani wamenuna, na mmoja akahamia kwa mchuuzi wa mjini, wala hakurudi. Hilo halikuwa na nafasi kwenye barua. Akiulizwa, alitaje bila kusitasita.