Utulivu Unaodanganya kwa Mtoto Aliyezaliwa kwa Shida

Mtoto aliyezaliwa bila kulia anapoanza kupumua, wengi huona hatari imekwisha. Kwa ubongo wake huenda ndiyo kwanza inaanza. Uchungu unapokwama au kitovu kinapobanwa, seli za ubongo hukosa damu na oksijeni, zikaishiwa nguvu. Hewa inaporudi hupata nafuu kwa saa chache, kisha nyingine huanza kufa, mara nyingi kuanzia saa ya 6 hivi na kuendelea. Ndiyo sababu mtoto aliyeonekana mtulivu asubuhi aweza kupata degedege usiku.

Tuseme mama wa Mgeta, milimani Uluguru, amesukuma muda mrefu, na mtoto akapumulishwa kwa mfuko na barakoa kwa dakika 8. Saa moja baadaye amelala kimya, ana joto, anapumua. Muuguzi asiridhike na ukimya huo. Amfunue, amwamshe, atazame: je, hufumbua macho? Viungo vyake vimelegea kama kitambaa? Hufumba ngumi huku kidole gumba kikiwa ndani? Hushika kidole kinachowekwa kiganjani, na hunyonya kwa nguvu? Kipimo cha Thompson huyakusanya mambo kama haya, tisa kwa jumla, na kuyapa alama kuanzia 0 hadi 22. Kipimo hicho hakihitaji mashine, ila kirudiwe kila siku. Mwelekeo wa alama hueleza mengi kuliko alama ya mara moja.

Degedege ya kichanga ndiyo hupita bila kuonekana. Mara chache mwili mzima hutikisika. Zaidi utaona midomo ikitafunatafuna, macho yakikodoa upande mmoja, miguu ikizunguka kama anayeendesha baiskeli, au pumzi ikikatika. Ukishuku, shika kiungo kinachotetemeka: mtetemeko wa kawaida hukoma mkononi mwako, degedege huendelea. Pima sukari papo hapo, kwani sukari ikishuka huleta dalili zile zile, nayo hutibika kwa dakika chache.

Mtoto huyo apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, akiwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, ili asipoe njiani. Asiyeweza kunyonya asilazimishwe maziwa kwa kikombe, yataingia mapafuni. Wala asipoozwe kwa makusudi. Upoozaji husaidia katika hospitali zenye vifaa kamili, lakini utafiti uliofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh na kutangazwa mwaka 2021 ulionyesha vifo vingi zaidi kwa watoto waliopoozwa.

Alama zikifika sifuri kufikia siku ya 7 na mtoto ananyonya vema, matumaini ni makubwa. Hata hivyo arudi kliniki. Mama akiona mtoto anatumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka, au miguu inakakamaa anapovalishwa nepi, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.