Volti Tano Kuwa Tatu: Joto Linakwenda Wapi?

Vifaa vingi vidogo vya kielektroniki hulishwa volti 5, kwa kuwa ndizo zinazotoka kwenye chaja ya kawaida ya simu. Chipu iliyomo ndani, kama vile ESP32 inayopendwa na watengenezaji wa vipima maji na vituo vidogo vya hali ya hewa, hutaka volti 3.3 tu. Ndiyo maana katikati huwekwa regula. Kwenye bodi nyingi za ESP32 regula hiyo ni AMS1117-3.3, kijipande cheusi chenye miguu mitatu upande mmoja na bapa la chuma upande wa pili.

Hiyo ni regula ya linia. Ndani yake mna transista inayojibana na kujilegeza muda wote ili volti zinazotoka zisipande wala kushuka. Volti 1.7 zinazozidi hazina pengine pa kwenda. Mkondo wote unaokwenda kwenye mzigo hupitia humo, na zile volti za ziada hugeuka joto papo hapo. Kiasi chake kinapatikana kwa kuzidisha mara moja tu:

P = (Vin − Vout) × I

P ni joto kwa wati, na I ni mkondo kwa ampea. Wati peke yake hazituambii kama chipu itapona. Tunahitaji pia kujua kila wati inapandisha nyuzi ngapi, na hilo hutegemea umbo la kijipande na shaba kilichochomelewa juu yake. Kwa AMS1117 ya umbo hili, iliyokaa kwenye shaba kidogo, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji hutoa kadirio la nyuzi 90 za Selisiasi kwa kila wati. Kiini cha silikoni kisizidi nyuzi 125.

Mezani kizima, juu ya paa kinazima

Tuchukue kifaa kinachopima kina cha maji kwenye tangi na kutuma taarifa kwa waifai. ESP32 na sensa yake vinakula ampea 0.25 kwa wastani. Tofauti ya volti ni 1.7, kwa hiyo joto ni wati 0.43. Regula yenyewe hutumia takriban miliampea 5 kwa kazi zake, nazo zikizidishwa kwa volti 5 zinaongeza wati 0.025. Jumla ni kama wati 0.45. Zidisha kwa 90, unapata ongezeko la nyuzi 40. Chumba kikiwa na nyuzi 30, kiini kitafika 70. Hapo hakuna tatizo.

Sasa mwenye kifaa anaongeza skrini na taa za tahadhari, na mzigo unafika ampea 0.5. Joto linakuwa wati 0.875, na ongezeko ni karibu nyuzi 79. Mezani, kwenye nyuzi 30, kiini kinafika 109 na kifaa kinafanya kazi siku nzima. Kisha kinafungwa ndani ya kisanduku cha plastiki na kupandishwa juu ya paa, ambako jua la mchana linafanya hewa ya ndani ifike nyuzi 50. Kiini kinafika 129. Kikomo kimepitwa, ingawa hakuna waya hata mmoja uliobadilishwa.

Regula za aina hii zina kinga inayokata umeme kiini kikizidi joto. Ikikata, kifaa kinazimika, kiini kinapoa, umeme unarudi, kisha mzunguko unaanza upya. Dalili yake inatambulika: kifaa kinawaka vizuri asubuhi, kinajizima na kujiwasha mchana, na jioni kinatulia. Wengi huanza kuilaumu programu au waifai. Kabla ya hapo, pima volti zinazoingia na zinazotoka kwa multimita, pima mkondo, kisha weka kipimajoto kwenye bapa la chuma la regula wakati kisanduku kimefungwa. Kumbuka kwamba kiini kina joto zaidi ya bapa, kwa takriban nyuzi 15 kwa kila wati.

Hesabu inaweza pia kuanzia mwisho. Ukitaka kiini kisizidi nyuzi 105 ili kubaki na akiba, na kisanduku kina nyuzi 50, una nafasi ya nyuzi 55. Gawanya kwa 90, unapata wati 0.61. Ondoa zile 0.025, gawanya kwa 1.7, na jibu ni karibu ampea 0.35. Hicho ndicho kikomo cha kweli cha regula hii kwenye kisanduku hicho, hata kama imeuzwa kama regula ya ampea moja.

Katika hesabu hizi tumia mkondo wa wastani. Waifai hurusha mishtuko ya mkondo inayodumu milisekunde chache, na kijipande hakiwahi kupata joto kwa muda mfupi hivyo. Mishtuko hiyo inabebwa na kapasita iliyo karibu na chipu, nayo ni sababu ya kuchagua regula inayoweza kutoa angalau ampea 0.5 kwa muda mfupi.

Konveta ya baki inafanya nini tofauti

Konveta ya baki haichomi volti za ziada. Inawasha na kuzima mkondo maelfu mengi ya mara kwa sekunde, huku koili ikihifadhi nishati na kuitoa kidogo kidogo, na kapasita ikilainisha kinachotoka. Kwa mzigo wetu wa ampea 0.5 kwenye volti 3.3, nishati inayohitajika ni wati 1.65. Konveta yenye ufanisi wa asilimia 90 huchukua wati 1.83, na kupoteza 0.18 tu badala ya 0.875. Mkondo unaotoka kwenye chanzo nao unashuka kutoka ampea 0.5 hadi 0.37. Kwa kifaa cha betri au sola, tofauti hiyo inaonekana kwenye saa za kazi.

Lakini chagua kwa makini. Moduli maarufu ya bei nafuu yenye chipu ya LM2596 ina swichi ya transista ya zamani ambayo yenyewe hupoteza karibu volti moja. Inafaa kushusha volti 12 au 24. Kutoka 5 kwenda 3.3 faida yake inapungua sana. Hapa tafuta konveta ya kisasa yenye swichi mbili za mosfeti, na uhakikishe volti za chini inazokubali, kwa kuwa waya mrefu wa chaja unaweza kuleta volti 4.6 badala ya 5.

Regula ya linia bado ina nafasi yake. Ni rahisi, inahitaji kapasita mbili tu, na haitoi kelele za umeme zinazoweza kuvuruga sensa nyeti. Mzigo ukivuka kikomo kwa kiasi kidogo, kuipa shaba pana kunaweza kushusha nyuzi 90 kwa wati hadi karibu 50. Mfano wetu wa paa ungerudi kwenye nyuzi 94.

Kwa hiyo fanya hesabu ukitumia joto la ndani ya kisanduku, si la mezani. Kiini kikibaki chini ya 105, na umeme hautoki kwenye betri, linia inatosha. Kikizidi, panua shaba. Kikizidi bado, au chanzo kikiwa betri, au volti za kuingia zikipanda hadi 12, ambako ampea 0.25 tu huzaa zaidi ya wati 2, nunua konveta ya baki.