Ruta ya Nyumba Nzima Ikisumbua, Nani Amwite Fundi?

Ruta inayotumiwa na wapangaji wote wa jengo moja huwa na zaidi ya mwenyewe mmoja, na ndiyo maana ikianza kusumbua hukaa wiki nzima bila kuguswa. Waya wa faiba unaoingia jengoni ni wa kampuni ya intaneti. Kisanduku chenyewe mara nyingi ni cha kampuni hiyo hiyo, ingawa wapo wenye nyumba walionunua cha kwao. Soketi na umeme unaokiwasha ni vya nyumba. Mpangaji hana chake pale, ila analipia huduma.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuulizwa ni jina la nani limeandikwa kwenye akaunti. Kampuni za intaneti kwa kawaida hupokea malalamiko kwa namba ya akaunti au namba ya simu iliyosajiliwa, na hazimtumi fundi kwa mtu asiyejulikana nazo. Kama intaneti imo ndani ya kodi na akaunti ni ya mwenye nyumba, ni yeye wa kupiga simu. Kama wapangaji walichangishana na mmoja wao akajiandikisha, mzigo ni wa huyo mmoja, na kumlaumu mwenye nyumba ni kumwonea. Mkataba wa pango ukisema kwamba kodi ni pamoja na intaneti, mpangaji ana pa kushika. Ukiwa kimya, ujumbe utalazimika kuuliza bila kudai.

Kabla ya kuandika, inafaa kuziangalia taa za ruta wakati ule ule inaposumbua. Taa yenye herufi LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kutoka kwenye faiba: waya umekatika, umekunjwa mno au kiungio kimelegea. Hilo ni la kampuni peke yake, maana faiba huungwa kwa mashine maalumu na fundi umeme wa mtaani hana la kufanya. Taa zote zikiwa za kawaida lakini hakuna anayepata intaneti, pengine kifurushi kimekwisha au kampuni ina hitilafu, na mwenye akaunti ndiye anayeweza kuthibitisha. Taa zote zikizimika, hata ya POWER, tatizo li karibu zaidi: soketi, adapta au ruta yenyewe. Mtu mmoja akikosa intaneti na wenzake wanaipata, aanze na simu yake.

Tuchukue nyumba yenye vyumba sita jijini Dar es Salaam, ruta ikiwa koridoni na akaunti ikiwa ya mama mwenye nyumba anayeishi mtaa mwingine. Kila jioni ruta inazimika, kisha inawaka yenyewe. Ujumbe wa “mama, intaneti mbovu tena” utajibiwa “nitaangalia”, na mambo yataishia hapo. Unaofaa ni kama huu:

“Shikamoo mama. Mimi ni mpangaji wa chumba namba 4. Tangu Jumatatu ruta ya koridoni inazimika taa zote kila jioni, halafu inawaka yenyewe baada ya dakika chache. Umeme wa nyumba haukatiki wakati huo. Jana tuliihamishia soketi nyingine, bado ikazimika, kwa hiyo tunashuku adapta. Vyumba vyote sita tunakosa. Naomba kujua, mama: utawapigia kampuni mwenyewe, au tupige sisi kwa namba yako ya akaunti? Nimekutumia picha ya ruta na adapta. Asante.”

Nguvu ya ujumbe huu imo kwenye swali lake. Mama hahitaji kuielewa ruta. Anachagua kati ya njia mbili, na yoyote atakayoichagua inaleta fundi. Maelezo ya soketi yanamwokolea fundi muda, na picha zinampa maandishi ya adapta, kwa mfano 12V 1A. Adapta mpya lazima iwe na volti zile zile na ampea zisizopungua hizo, na kichomeo kinacholingana.

Wakati jibu likisubiriwa, kitufe cha RESET kisiguswe. Kukibonyeza kwa pini hadi taa zipepese hufuta mipangilio iliyowekwa na kampuni, pengine hata jina na nywila ya kuunganishia laini. Hitilafu ya adapta itageuka kuwa nyumba isiyo na intaneti kabisa, na hapo mwenye nyumba atakuwa na haki ya kuuliza nani aliyebonyeza. Kuchomoa na kuchomeka tena hakudhuru.

Mama akijibu kwamba wapangaji wanunue adapta wenyewe, wamwombe aandike kwenye ujumbe huo huo kwamba fedha zitakatwa kwenye kodi, na kiasi gani. Risiti itunzwe. Mpangaji anayekata kodi bila idhini ya maandishi anaweza kuhesabiwa kuwa na deni la pango, hata kama adapta aliinunua kweli.