Uzhe na eshche: Kutafsiri already, still, yet na no longer kwa Kirusi

Kiingereza kina maneno manne, already, still, yet na no longer, yanayohusisha hali fulani na wakati wa kubadilika kwake. Kirusi hutumia hasa vielezi viwili, uzhe na eshche, pamoja na kikanushi ne. Mfasiri anayetafuta neno moja la Kirusi kwa kila neno la Kiingereza hupotea upesi. Yafaa kwanza aulize kama badiliko limekwisha kutokea.

Kitenzi spit, yaani 'analala', kinatosha kuwa mfano. On uzhe spit maana yake ni 'amekwisha lala': alikuwa macho, na badiliko limetokea. On eshche spit ni 'angali amelala': badiliko halijatokea. On eshche ne spit ni 'hajalala bado', na On uzhe ne spit ni 'halali tena'. Kwa hiyo uzhe husema kwamba mpaka umevukwa, na eshche kwamba haujavukwa. Kikanushi, ambacho hufuata kielezi na kutangulia kitenzi, huonyesha tu kuwa hali inayotajwa haipo.

Tofauti hii huwa na uzito mkubwa katika majibu mafupi. Msafiri akiuliza dirishani kama kuna tiketi, anaweza kujibiwa Eshche net au Uzhe net. Yote mawili husema kwamba tiketi hazipo. Lakini la kwanza lamwambia asubiri, kwani hazijaanza kuuzwa. La pili lamwambia aende zake, kwani zimekwisha. Mfasiri akiandika 'hakuna' tu, amepoteza kiini cha jibu.

Neno linalotatiza zaidi ni yet. Katika ukanushi hutafsiriwa kwa eshche ne: Poezd eshche ne prishel, 'treni haijafika bado'. Katika swali la kawaida, kama Has the train arrived yet?, Kirusi hutaka uzhe: Poezd uzhe prishel? Anayeuliza Poezd eshche ne prishel? huonyesha kwamba anadhani haijafika, au anashangaa kuchelewa kwake.

No longer nayo ina njia mbili. Uzhe ne hukazia kwamba wakati wa jambo umepita. Bolshe ne hukazia kwamba jambo halirudiwi. Ndiyo sababu mtoto wa Kirusi anayeahidi kutorudia kosa husema Ya bolshe ne budu, wala si uzhe ne.

Msemaji wa Kiswahili ana msaada karibu. Bado, kama eshche, huingia katika 'bado amelala' na katika 'bado hajalala'. -Mekwisha- katika swali hulingana na uzhe. Ila 'bado' peke yake laweza kuwa jibu kamili la kukanusha, ilhali Kirusi hudai net iongezwe: Eshche net.